Je, wajua kwa nini spidi nzuri haizuii gemu kuganda?

"Mimi ni kapteni wa timu hapa Tanga, wachezaji wangu wako Muheza, Korogwe na Lushoto. Kila mtu akipima intaneti spidi iko poa, mbona mechi ikianza wanaganda?"

Gemu yenyewe haili spidi. Hutuma pakiti ndogondogo mfululizo, na kwa kawaida hazifiki hata megabiti 1 kwa sekunde. Kinachoamua ni pingi, yaani muda wa pakiti kufika kwenye seva na kurudi, na ni ngapi zinazopotea njiani. Pingi ya milisekunde 120 iliyotulia inachezeka kuliko ya 50 inayoruka hadi 400, maana mkono huzoea kuchelewa kulekule.

Basi mwambie kila mmoja apime siku moja kabla, saa ileile ya mechi. Kupima saa 4 asubuhi kwa mechi ya saa 2 usiku ni kujidanganya, kwa sababu usiku mnara mmoja hugombewa na mtaa mzima. Kwenye kompyuta ya Windows afungue Command Prompt, aandike:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Ya kwanza inapima kutoka kompyuta hadi ruta (anwani ikiwa tofauti, `ipconfig` itaionyesha kwenye `Default Gateway`). Ya pili inatoka nje ya nyumba hadi seva ya Google.

Tuseme wa Korogwe anakuletea hivi: ya kwanza `Maximum = 4ms`, hakuna kilichopotea, ya pili `Average = 62ms`, `Maximum = 410ms`, `Lost = 4`. Waifai ya ndani ni safi, kwa hiyo asihangaike kuhamisha ruta. Azime waifai kwenye simu zote za nyumbani, kisha arudie. Kama 410 imeshuka hadi 80, kuna simu iliyokuwa ikipandisha picha au video, na pakiti za gemu zikapanga foleni nyuma yake. Isiposhuka, ajaribu laini ya mtandao mwingine. Ila kama ile ya kwanza ndiyo iliyoruka, asogee karibu na ruta au achomeke waya.

Namba hizo hazikuambii seva ya gemu iko mbali kiasi gani. Katika nyaya za mwanga, kila kilomita 1,000 za njia huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na hakuna bando la kuzipunguza. Kwa hiyo chezeni mechi moja ya kirafiki kwenye seva ileile ya mashindano, kila mtu akutumie pingi inayoonekana kwenye skrini yake.

Limebaki la umeme. Ukikatika, ruta inazimika nao, hivyo kila mchezaji awe na simu iliyojaa chaji na bando, hotspoti yake ikiwa imeshapimwa kwa amri hiyo ya pili. Na kapteni mwenzako mkubaliane mapema: mtu akidondoka, mnamsubiri dakika ngapi?