Mgeuzo wa hatari: koli inayolipiwa na puti na deni linalobaki chini

Puti ni opsheni inayompa aliyeinunua haki ya kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa, na koli humpa haki ya kuinunua. Anayefanya mgeuzo wa hatari huuza puti ambayo bei yake iliyokubaliwa iko chini ya bei ya soko, kisha kwa ada aliyopokea hununua koli ambayo bei yake iko juu ya soko, zote mbili zikiwa na siku ileile ya ukomo, yaani siku mikataba inapokwisha; jozi hiyo ndiyo mkao wake. Mbinu hii inavutia kwa sababu ya mwinamo wa puti, yaani hali ya puti za chini kuuzwa kwa bei inayodokeza kuyumba kukubwa zaidi kuliko koli za juu. Mvuto huohuo ndio uliozaa dhana kadhaa zinazowagharimu watu.

Dhana: Puti ni ghali kwa sababu soko limekosea, kwa hiyo anayeiuza anaokota fedha.

Mwinamo huu una historia. Kabla ya tarehe 19 Oktoba 1987, siku ambayo kipimo cha Dow Jones kilianguka kwa karibu asilimia 23, opsheni za soko la hisa la Marekani ziliuzwa kana kwamba kuyumba kwa bei ni kulekule juu na chini. Tangu wakati huo puti za mbali zimebaki ghali, na sababu haijifichi: walio wengi sokoni wanamiliki hisa, hivyo hununua puti kama bima na huuza koli ili kujipatia kipato, ilhali hisa zenyewe huporomoka kwa kasi kuliko zinavyopanda. Ni kweli kwamba, kwa wastani, kuyumba kunakodokezwa na bei za opsheni huzidi kule kunakotokea baadaye, na muuzaji hulipwa kwa tofauti hiyo. Hata hivyo, wastani huo umejengwa na miezi mingi ya faida ndogo pamoja na siku chache za hasara kubwa, na aliyeuza puti hawezi kuchagua siku hizo zitakapofika.

Dhana: Mkao usiogharimu kitu kuufungua hauna cha kupoteza.

Hapa inafaa tuhesabu. Chukua hisa yenye bei ya 100, muda wa miezi mitatu, bila riba wala gawio ili hesabu isitawanyike. Puti ya 90 inauzwa kwa kiwango cha kuyumba cha asilimia 28 kwa mwaka, na koli ya 106 kwa asilimia 20. Kwa fomula ya Black na Scholes, inayokadiria bei ya opsheni, puti hiyo ina thamani ya 1.73 na koli 1.78, kwa hiyo mfanyabiashara anaongeza 0.05 tu. Kama puti ingeuzwa kwa asilimia 20 kama koli, ingeleta 0.71, kiasi kinachotosha kununua koli iliyo mbali karibu na 112. Huo ndio msaada wa mwinamo: puti iliyo pointi 10 chini inalipia koli iliyo pointi 6 tu juu.

Sasa tuitazame siku ya ukomo. Bei ikiwa 115, koli inaleta 9 na faida ni 8.95. Ikiwa popote kati ya 90 na 106, opsheni zote mbili zinakufa na hasara ni ile 0.05. Ikiwa 75, mwenye puti anamuuzia mfanyabiashara wetu kwa 90 hisa yenye thamani ya 75, na hasara ni 15.05. Kilichofutika mwanzoni ni ada peke yake. Wajibu wa kununua kwa 90 haukufutwa. Uliuzwa, na fedha zake zimekwisha kutumika kununulia koli. Ndiyo maana mimi hupendelea kuutazama mkao huu kama mkopo uliotumika siku ileile ulipotolewa.

Dhana: Maadamu bei haijafika 90, niko salama.

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na linatokana na kusoma mchoro wa siku ya ukomo kana kwamba ndiyo maisha yote ya mkataba. Tuseme mwezi mmoja umepita na bei imeshuka hadi 92. Soko limeingiwa na hofu: puti ya 90 sasa inauzwa kwa asilimia 36, na koli ya 106 kwa 26. Puti ina thamani ya karibu 4.39, na koli imebaki na 0.44. Atakayetaka kujitoa leo atalipa 3.95, na pamoja na ile 0.05 ya mwanzo amepoteza 4 kwa kila hisa, ingawa mstari wa 90 haujaguswa. Kwa mkataba wa hisa 100, hiyo ni 400.

Mambo mawili yamefanya kazi pamoja. Kwanza, tangu siku ya kwanza mkao huu ulikuwa na delta ya karibu 0.50, maana yake bei ya hisa ikisogea, unapata au kupoteza kama mtu anayemiliki nusu ya hisa. Pili, bei inaposogea kuelekea puti, kuyumba kunakodokezwa huongezeka, na aliyeuza huumizwa na ongezeko hilo wakati koli yake iko mbali mno kumsaidia. Wakati huohuo wakala huongeza dhamana anayodai, na wengi hufungiwa mkao wao na wakala kabla ya ukomo kwa kukosa fedha hiyo, hata pale ambapo bei ingerudi juu ya 90 baadaye. Dalili ya mapema ni rahisi kuiona: angalia delta kila siku. Ikipanda wakati bei inashuka, puti imeshika usukani.

Dhana: Nikiufanya mgeuzo wa hatari, ninavuna mwinamo.

Si hivyo, isipokuwa ukiifidia delta kwa kuuza hisa, katika mfano wetu hisa 50 kwa kila mkataba mmoja, na kuendelea kurekebisha idadi hiyo. Upande wa puti marekebisho hayo huuma, kwa kuwa bei inaposhuka unalazimika kuuza hisa zaidi kwa bei ya chini. Asiyefanya hivyo amebashiri tu kwamba bei itapanda, na mwinamo umempunguzia gharama ya ubashiri huo.

Dhana: Agizo la kusitisha hasara litanitoa kwa wakati.

Agizo hilo husubiri bei ipite mahali fulani, lakini taarifa mbaya ikitoka soko likiwa limefungwa, hisa inaweza kufungua chini sana bila kupita hapo. Kinachoweka mpaka wa kweli ni kununua puti nyingine chini zaidi. Puti ya 80, kwa kuyumba kwa asilimia 34, inagharimu kama 0.67. Ukiinunua, hasara kubwa kabisa kutokana na puti ni 10, ila ada inayobaki ni 1.06, na hiyo inalipia koli ya karibu 109 badala ya 106. Angalia pia kwamba mwinamo uliokusaidia ulipouza puti ya 90 ndio sasa unaokutoza zaidi kwa ile ya 80. Binafsi ningelipa pointi hizo 3 bila kusita, hasa pale ambapo dhamana niliyoweka ni sehemu ndogo tu ya 90 ambayo ningelazimika kutoa kwa kila hisa kama mwenye puti angedai haki yake.