Kutetea tasnifu si kuiwasilisha

Msimu wa wanafunzi wa uzamili kumaliza masomo ukikaribia, sentensi ni ileile: “Wiki ijayo naprezenti tasnifu yangu, niombeeni.” Baada ya hapo mwenye tasnifu huanza kutafuta slaidi nzuri za kuiga, na lile faili la maswali hamsini ya difensi pamoja na majibu yake, linalozunguka WhatsApp kutoka kundi hadi kundi. Anakariri. Siku ikifika anaulizwa swali la tatu, lisilokuwamo kwenye faili, na hapo ndipo anapojua kwamba alijiandaa kwa shughuli nyingine.

Maana yenyewe ni fupi. Kutetea tasnifu ni mtihani wa mdomo. Jopo lenye mwenyekiti na watahini, wa ndani na mara nyingi wa nje, humhoji mwanafunzi juu ya utafiti aliouandika, kisha huamua kama kazi inastahili shahada na kwa masharti gani. Vyuo vingine huuita kwa Kilatini, viva voce. Msimamizi wako huwa karibu, lakini si kazi yake kukujibia.

Kinachochanganya watu ni kwamba ndani ya mtihani huo kuna uwasilishaji. Unapewa dakika 15 au 20 kueleza kwa muhtasari ulichofanya. Watu wakaona hicho ndicho kiini, maswali yakawa kama ya “kuna mwenye swali?” mwishoni mwa semina. Ni kinyume kabisa. Watahini wameshaisoma tasnifu yako, na baadhi yao wameshaandika ripoti. Dakika zile ni za kuwakumbusha na kukutuliza pumzi. Anayewasilisha huwaambia watu wasichokijua. Anayetetea yuko mbele ya watu wanaojua alichofanya, ila hawajui kwa nini alifanya hivyo badala ya vile.

Tuchukue tasnifu ya kubuni, ya aina inayoandikwa sana kwetu: “Athari ya mikopo ya VICOBA kwa faida ya mama lishe jijini Mwanza.” Mwanafunzi amepata vikundi hivyo vya kuweka na kukopeshana, vyenye jumla ya wanachama 1,240 wanaofanya biashara ya chakula. Amegawa hojaji kwa watu 303. Amegundua kuwa waliokopa katika mwaka uliopita wana faida ya wastani inayozidi ya wasiokopa kwa shilingi 4,200 kwa siku.

Swali la kwanza karibu lina uhakika wa kuja: “Kwa nini watu 303?” Aliyekariri anajibu, “Nilitumia fomula ya Yamane ya mwaka 1967.” Ananyamaza, anangoja swali lingine. Lakini hilo alilolisema limeandikwa sura ya tatu, na mtahini amelisoma. Anataka kusikia kama unaijua fomula yenyewe, ambayo ni hii:

```
n = N / (1 + N * e^2)
```

N ni idadi ya wanachama wote, weka 1,240; e ni kosa unaloliruhusu, weka 0.05. Chini unapata 4.1, na ukigawanya unapata 302.4, unapandisha kuwa 303. Hesabu ni ya dakika moja. Utetezi unaanza pale unapojua kwamba fomula hiyo imejengwa juu ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95, tena kwa kudhani kwamba kila mwanachama alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kama hojaji ulizikabidhi kwa wenyeviti wa vikundi wakazigawa kwa waliokuwapo kikaoni, basi 303 ni idadi tu. Yamane anakupa ukubwa wa sampuli, hakupi uwakilishi. Nimesikia watu wakimtaja Yamane kana kwamba jina lake linafunga mjadala, ilhali kwa mtahini makini ndilo linaloufungua.

Jibu linalofaa linaweza kuwa hili: “Nilihitaji idadi inayoruhusu kosa la asilimia 5 kwa kundi la watu 1,240, nikapata 303. Niliomba daftari za wanachama za vikundi vyote, nikachagua majina kwa bahati nasibu, kwa sababu kuwaachia wenyeviti kuchagua kungeniletea wanachama wao wa karibu. Udhaifu uliobaki ni kwamba daftari lina waliopo tu. Waliofilisika wakajitoa hawamo, kwa hiyo huenda picha yangu ni nzuri kuliko hali halisi.”

Lisome kwa sauti: halifiki hata dakika moja. Lina mambo matatu: alichofanya, alichokiacha na sababu yake, na alichokipoteza kwa kuchagua hivyo. Hilo la tatu ndilo wengi hulificha wakidhani ni kujichongea. Mtahini ameshaliona. Ukilitaja wewe, linakuwa mpaka wa utafiti uliowekwa na mtu anayejua anachofanya. Akilitaja yeye kabla yako, ni kosa lililogunduliwa.

Sasa swali gumu zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. “Kichwa chako kinasema athari. Umejuaje kwamba mkopo ndio ulioongeza faida?”

Hapa ndipo neno “kutetea” linapowaponza watu, kwa sababu wanalichukua kimahakama. Wanajiona washtakiwa. Wanang'ang'ania: takwimu zilionyesha, p ilikuwa chini ya 0.05, tafiti nyingine pia zilipata hivyo. Hakuna hata moja linalojibu. Thamani ya p inasema tu kwamba tofauti kubwa kiasi kile isingetarajiwa kutokea mara nyingi kwa bahati endapo kusingekuwa na tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili. Haisemi tofauti ilitoka upande gani.

Na kwa VICOBA upande una maana kubwa. Kwa kawaida mwanachama hukopa kulingana na hisa zake, mara nyingi hadi mara tatu ya alichoweka. Mwenye biashara inayokwenda vizuri ananunua hisa nyingi kila wiki, basi anaruhusiwa kukopa zaidi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba si mkopo ulioleta faida. Ni faida iliyoleta mkopo. Hojaji iliyojazwa mara moja, siku moja, haiwezi kutenganisha hayo mawili. Ili useme “athari” kwa kujiamini ungehitaji kuwafuata watu walewale kabla na baada ya kukopa, pamoja na wenzao wasiokopa, au njia nyingine ya kuondoa tofauti walizokuwa nazo tangu mwanzo.

Mwanafunzi anayejua kutetea atasema hivi: “Profesa, kwa data nilizokusanya mara moja siwezi kudai kwamba mkopo ndio chanzo. Ninachoweza kudai ni uhusiano. Nililijua tatizo la hisa, kwa hiyo jedwali la ukurasa wa 71 linalinganisha wenye hisa zinazokaribiana. Tofauti ilishuka kutoka shilingi 4,200 hadi 1,900, lakini haikuisha. Nakubali kwamba kichwa kinapaswa kusema uhusiano, si athari.”

Wapo watakaosema huyu amesalimu amri. Mimi naona ndiye pekee aliyetetea. Ameachia neno moja la kichwa ambalo lisingeweza kusimama, akabaki na dai la shilingi 1,900 ambalo mtahini itambidi afanye kazi kulibomoa. Anayeng'ang'ania “athari” anaweka rehani utafiti wote kwa ajili ya neno alilolichagua siku ya kuandika pendekezo, kabla hajamwona mama lishe hata mmoja.

Kwa hiyo mazoezi hayaanzi na orodha ya maswali ya watu wengine. Yanaanza na tasnifu yako na penseli. Pita sura ya tatu, na kila unapokuta “nilitumia”, “nilichagua”, “niligawa”, andika pembeni: badala ya nini? Hojaji badala ya mahojiano. Mwanza badala ya kwingine (na “kwa sababu naishi huko” ni sababu halali, mradi uongeze ilikupa nini kiutafiti). Wasiokopa ndani ya kikundi badala ya watu wasio wanachama kabisa. Ukimaliza utakuwa na maswali machache kuliko hamsini, yote ya kwako, na sehemu kubwa ya watakayokuuliza imo humo au jirani yake.

Sura ya matokeo ina mtego wake. Ukiulizwa “umegundua nini?”, watu husimulia majedwali kwa mpangilio, kuanzia umri na elimu ya waliohojiwa, na mtahini anakata tamaa kabla hamjafika kwenye faida. Anza na sentensi moja yenye nani, kiasi gani, na ukilinganisha na nani: “Miongoni mwa wanachama wenye hisa zinazokaribiana, waliokopa walipata faida zaidi ya wasiokopa kwa shilingi 1,900 hivi kwa siku.” Nyamaza. Akitaka zaidi atauliza. Umri na elimu vitangoja.

Majibu haya yafanyiwe mazoezi kwa mdomo, si kwa macho. Jirekodi kwenye simu. Jibu lililoonekana fupi kwenye karatasi mara nyingi huchukua dakika tatu, kwa sababu tunapoongea tunaanza mbali na kurudia. Kisha mpe mtu asiye wa fani yako nakala ya maswali, umwombe akukatize katikati, maana watahini hukatiza. Akikukatiza ukalazimika kuanza jibu upya tangu mwanzo, umelikariri. Ukiweza kuendelea pale alipokuvuta, umelielewa. Na usimwambie kila mtahini “asante kwa swali zuri sana”. Likisemwa mara ya nne chumba kizima kinalisikia.

Kuna swali utakaloshindwa, nalo lina jibu lake. “Hilo sikulipima, na kwa data nilizonazo siwezi kulijibu” ni sentensi kamili. Ukiweza, ongeza ungelipima vipi. Kubuni jibu papo hapo ni hatari zaidi, kwa sababu swali linalofuata hujengwa juu ya ulichobuni.

Jambo moja la mwisho, maana nalo husemwa vibaya. Mtu anatoka chumbani amenuna: “Nimefeli, wamenipa marekebisho.” Hapana, ndugu yangu. Kupita kwa marekebisho madogo ni kufaulu, na ndiyo matokeo ya kawaida. Kupita bila kubadilisha hata nukta ndilo jambo la nadra. Marekebisho makubwa ni habari nyingine, na kurudia mtihani ni nyingine tena, kwa hiyo sikiliza vizuri mwenyekiti anaposoma uamuzi. Kama ni madogo, chora jedwali la safu tatu: hoja ya mtahini, ulichorekebisha, na ukurasa. Mstari wa kwanza kwa mwenzetu wa mama lishe ungesomeka: “Kichwa kinadai athari, kimebadilishwa kuwa uhusiano, jalada, ukurasa wa 1 na wa 71.”