Ada Sufuri Haimaanishi Bure: Gharama Halisi ya Kutuma Pesa Nyumbani

Kampuni ya kutuma pesa inayotangaza "ada sufuri" haidanganyi, ila imekupa nusu ya habari. Faida yake imo ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha. Tuseme leo kiwango cha kati cha soko, yaani wastani wa bei ya kununua na ya kuuza, ni shilingi 170 za Kenya kwa pauni moja. Kampuni inakubadilishia kwa 164. Shilingi sita zinazobaki kwake hazionekani kwenye risiti, lakini umezilipa kwa kila pauni.

Chukua mtu aliye London anayemtumia mama yake Kisumu pauni 200. Kwa kiwango cha kati, hizo ni shilingi 34,000. Kampuni ya "ada sufuri" itamfikishia mama 32,800: zimepotea 1,200, sawa na asilimia 3.5. Kampuni nyingine inakata ada ya pauni 3, kisha inabadilisha 197 zilizobaki kwa shilingi 169. Mama anapata 33,293, na kilichopotea ni 707, kama asilimia 2 hivi. Inayotoza ada waziwazi ndiyo nafuu.

Lakini mtu huyohuyo akituma pauni 20 tu, mambo yanageuka. Kampuni ya kwanza inafikisha 3,280, ya pili 2,873, kwa sababu zile pauni 3 za ada hazikupungua ingawa pesa imepungua. Ada ya aina hii ni ileile kwa kiasi chochote. Tofauti ya kiwango hukua kadiri unavyotuma zaidi. Kwa viwango hivi vya mfano, mpaka uko karibu na pauni 101: chini ya hapo kampuni ya kwanza ni bora, juu yake ya pili. Ndiyo maana anayetuma 50 kila wiki kupitia kampuni ya pili hulipa ada mara nne, na kama nyumbani wanaweza kusubiri, ni afadhali atume 200 kwa mkupuo mmoja.

Benki ya Dunia nayo hupima gharama kwa kujumlisha ada na tofauti ya kiwango. Lengo la Umoja wa Mataifa ni gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030.

Kabla ya kutuma, uliza swali moja: "Nikitoa pauni 200, kila kitu kikiwa ndani, anayepokea atapata shilingi ngapi?" Waulize wote kwa wakati mmoja, maana kiwango cha asubuhi si lazima kiwe cha jioni. Kiwango cha kulinganishia utakipata kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya, inayotoa viwango vya wastani kila siku ya kazi. Usiamini sana bei ya muamala wa kwanza. Mara nyingi ni ya kukaribisha wateja wapya, na wa pili huja na kiwango kingine.

Ukituma kupitia benki, uliza pia kama kuna benki ya kati itakayokata chake njiani, na kama pesa itafika kwa shilingi au kwa dola. Ikifika kwa dola, benki ya mpokeaji itaibadilisha tena kwa kiwango chake yenyewe.