Je, wajua kwa nini mafundi wawili hupiga hesabu tofauti za saruji kwa sakafu ileile?

*"Nina chumba cha mita 3.6 kwa mita 3 hapa Gungu, Kigoma. Jamvi lilimwagwa siku nyingi na halijakaa sawa. Fundi wa kwanza kasema sakafu itakula mifuko mitatu ya saruji, wa pili kasema mitano. Nimwamini nani?"*

Mwamini wa pili, lakini kabla hujatoa pesa mwambie apite na tindo karibu na mlango. Huenda ikabaki minne.

Huyo wa kwanza kwa kawaida huangalia unene wa sakafu pale mlangoni, akauchukua kuwa ndio unene wa chumba kizima. Kwenye jamvi lililonyooka hesabu hiyo inatosha. Lakini nyumba nyingi za Kigoma zimekaa kwenye mteremko, na ili kupata usawa upande wa chini hujazwa kifusi. Kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka huendelea kukaa, jamvi nalo hukifuata. Ndiyo maana mara nyingi chumba huwa kimeinuka upande wa mlima na kuzama upande wa bonde. Saruji nyingi huishia huko kwenye kuzama, mahali ambapo jicho halioni kwa sababu mbonyeo wa sentimita tatu uliotawanyika kwenye mita tatu hauonekani kabisa.

Kuupima kunahitaji mpira wa maji tu, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji bila mapovu. Weka alama ukutani yapata mita moja kutoka chini, uihamishe kwa mpira hadi kuta zote nne, kisha piga mstari kwa uzi wenye rangi. Mstari huo umelala sawa hata kama jamvi limepinda vipi. Ukivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta kwenye mstari huo, unaweza kushusha futi kamba popote chumbani na kusoma umbali hadi kwenye jamvi. Kipimo kikubwa maana yake pamezama, kidogo maana yake pameinuka.

Kwanza tafuta mahali palipoinuka kuliko pote, maana hapo ndipo sakafu nzima inapoamuliwa. Sakafu ya saruji na mchanga iliyoshikamana na jamvi isipungue sentimita 2.5. Ikiwa nyembamba kuliko hapo hubanduka kama ganda. Kwa hiyo usawa wa sakafu unapatikana kwa kupanda sentimita 2.5 juu ya kile kilele, na kwingine kote mchanganyiko utajaza hadi kufikia usawa huo.

Kisha gawa chumba vipande tisa vilivyo sawa, vitatu kwa vitatu, na upime katikati ya kila kipande. Tuseme kilele kimesomeka sentimita 100, nacho ni kibonge cha zege kilichobaki karibu na mlango. Vipande vya upande wa mlango vimesomeka 100.8, 101.0 na 101.5. Vya katikati 100.9, 101.4 na 102.2. Vya upande wa bonde 101.2, 102.1 na 103.3. Ukiondoa 100 kwenye kila kimoja na kujumlisha mabaki, unapata 14.4. Gawa kwa tisa, ni 1.6. Hiyo ni wastani wa kina chini ya kilele. Ongeza zile 2.5 za lazima, na unene wa wastani ni sentimita 4.1, si 2.5.

Sasa tafuta kila sentimita ya unene inakula saruji kiasi gani. Eneo ni mita za mraba 10.8, na mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita moja ni lita 10. Basi sentimita moja chumbani humu ni lita 108. Hizo ni lita za mchanganyiko uliokwisha kulowa na kushindiliwa. Vikiwa vikavu, saruji na mchanga huchukua nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa saruji na maji huingia kwenye matundu yaliyo kati ya chembe za mchanga. Ukitaka lita 3 za sakafu, andaa lita 4 za vitu vikavu. Kwa lita 108 utahitaji lita 144, na kwa uwiano wa saruji moja kwa mchanga nne, saruji ni sehemu ya tano, yaani kama lita 29. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi. Kwa hiyo kila sentimita inameza kama asilimia 80 ya mfuko.

Kwa sentimita 4.1 inakuja mifuko 3.4. Weka asilimia kumi ya kumwagika na kubaki kwenye ndoo, inafika 3.7. Uji wa saruji wa kupaka jamvi kabla ya kumwaga, pamoja na niru ya juu, vitachukua karibu mfuko mmoja. Jumla ni 4.6, nawe unanunua mitano. Fundi wa kwanza amepiga hesabu hiihii kwa sentimita 2.5, ndiyo maana akaishia mitatu.

Turudi kwenye tindo. Kile kibonge cha mlangoni kinainua sakafu ya chumba kizima. Ukikichonga sentimita 0.8, na ukahakikisha hakuna pengine palipozidi hapo, unene wa wastani unashuka hadi 3.3 na jumla inakuwa kama mifuko 3.9. Mfuko mzima umebaki dukani kwa kazi ya nyundo ya muda mfupi. Mimi huwa nashangaa jinsi hatua hii inavyorukwa.

Ile kona ya bonde inahitaji uangalifu wake. Hata baada ya kuchonga, hapo unene utakuwa sentimita 5 na kupita. Mchanganyiko wa saruji na mchanga ukiwa mnene kiasi hicho husinyaa sana unapokauka, ukapasuka au ukaachana na jamvi. Jaza kwanza zege la kokoto ndogo, uache uso wake ukiwa na makwaruzo, kisha kesho yake umwage sakafu juu yake.

Kwa mchanga, pima ndoo saba za lita 20 kwa kila mfuko. Miezi ya mvua mchanga wenye unyevu huvimba, na ndoo iliyojaa huwa na mchanga pungufu hata kwa robo. Ukipima saba vilevile utamaliza saruji kabla chumba hakijajaa. Ongeza ndoo moja au mbili kulingana na unyevu.

Kabla ya yote hayo, pitisha nyundo ukigongagonga jamvi upande wa bonde. Likitoa sauti nzito, endelea. Likilia kama debe tupu, na hasa kukiwa na ufa unaopita katikati, kifusi kimeshuka na kuacha uwazi chini yake. Hapo usinunue hata mfuko mmoja wa sakafu. Vunja kipande hicho, ongeza kifusi, mwagia maji, shindilia, umwage jamvi upya, ndipo upime tena vile vipande tisa.