Mkopo wa nyumba Italia: isome fideiussione kabla shemeji hajasaini

Wanunuzi wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wameshaelewa kuwa mutuo ni mkopo wa muda mrefu wa kununulia nyumba. Kinachowaponyoka ni karatasi inayokuja mwishoni, pale benki inapoona mshahara wa mnunuzi hautoshi na kuomba fideiussione, yaani mtu mwingine asaini kudhamini deni. Hapo ndipo shemeji hupigiwa simu: "Njoo benki mara moja, ni kusaini tu."

Tuchukue mnunuzi anayetaka fleti ya euro 150,000. Kwa kawaida benki haivuki asilimia 80 ya thamani ya nyumba, kwa hiyo atakopa euro 120,000, na zilizobaki atazitoa mfukoni pamoja na kodi na malipo ya notaio, mwanasheria anayethibitisha hati. Nyumba yenyewe inawekwa rehani, ambayo kwenye hati inaitwa ipoteca. Usishtuke ukikuta ipoteca imeandikishwa kwa euro 240,000. Benki huandikisha kiasi kikubwa kuliko mkopo ili kufidia riba na gharama za kesi, lakini deni lako linabaki lile ulilokopa na riba yake.

Tasso ni kiwango cha riba. Tasso fisso haibadiliki hadi mwisho wa mkopo. Tasso variabile hufuata Euribor, yaani riba ambayo benki za Ulaya hukopeshana, halafu benki yako inaongeza faida yake juu. Mwanzoni mwa 2022 Euribor ilikuwa chini ya sifuri; mwaka 2023 ilikuwa imepita asilimia 3, na familia zenye tasso variabile zikaona marejesho yao yakipanda vibaya.

Mnunuzi wetu amechagua tasso fisso ya asilimia 3.5 kwa miaka 25. Kila mwezi atalipa karibu euro 601. Katika rejesho la kwanza, euro 350 ni riba na 251 tu ndizo zinazopunguza deni. Hadi amalize atakuwa amelipa riba ya takriban euro 60,000. Anapolinganisha benki mbili asiangalie TAN peke yake, kwa sababu hiyo ni riba tupu. Aangalie TAEG, ambayo inajumlisha na gharama nyingine za mkopo.

Sasa turudi kwa shemeji. Watu wengi humwita shahidi, na hilo ni kosa linalogharimu. Aliyesaini fideiussione ni mdhamini, na kwa sheria ya Italia anawajibika kwa deni bega kwa bega na mkopaji, kwa mali yake yote. Marejesho yakikwama, benki inaweza kumdai yeye moja kwa moja bila kungoja nyumba iuzwe kwanza. Mahakama ikiamuru, mshahara wake unaweza kukatwa hadi sehemu moja ya tano. Akilipa ana haki ya kumdai mkopaji, lakini anayeshindwa kulipa benki mara nyingi hana cha kumlipa shemeji pia.

Kuna njia ya kumpunguzia mzigo. Mkataba unaweza kuwekewa kipengele cha beneficio di preventiva escussione, kinachoilazimu benki kuanza na mali ya mkopaji. Kisipoandikwa, hakipo, kwa hiyo kiombwe mapema hata kama benki nyingi hukikataa. Tazameni pia kama karatasi imeandikwa fideiussione omnibus. Hiyo haifungi mutuo huu peke yake. Inabeba na madeni mengine ya mkopaji kwa benki hiyo, ya sasa na yajayo, mpaka kiwango cha juu ambacho sheria inataka kitajwe. Kwa nyumba moja, ombeni udhamini wa mutuo huo tu.

Dhamana hii pia huonekana kwenye Centrale dei Rischi, daftari la Benki Kuu ya Italia la mikopo na dhamana kuanzia euro 30,000. Shemeji akitaka nyumba yake miaka mitatu baadaye, benki itaihesabu. Na mkigombana, au ndoa iliyowaunganisha ikivunjika, jina lake halitoki mpaka benki ikubali kwa maandishi.

Kabla ya kusaini, benki inapaswa kumpa mnunuzi hati iitwayo PIES yenye masharti yote, na baada ya kupewa ofa ana angalau siku 7 za kutafakari huku benki ikifungwa na ofa yake. Tumieni siku hizo kuomba nakala ya fideiussione, na shemeji aisome nyumbani na mtu anayejua Kiitaliano cha mikataba.

Fideiussione moja mnunuzi anapaswa kuidai mwenyewe. Ukinunua nyumba ambayo bado inajengwa, sheria ya 2005 inamtaka mjenzi akupe dhamana ya benki au ya bima kwa fedha zote unazotanguliza, ili akifilisika urudishiwe. Idai kabla ya kutoa malipo ya kwanza.