Kulinganishwa na ndugu: maana yake ndani ya barua ya binti kwa mama yake

Kulinganisha watoto ni kumpima mtoto kwa mwenzake wa tumbo moja, tena akisikia, mpaka ikafika mahali hana jema wala baya linalosimama peke yake. Akifaulu, ataambiwa nani alifaulu zaidi. Akikosea, ataambiwa nani asingekosea. Wengi hulichanganya jambo hili na upendeleo, na barua ya namna hii ikimfikia mama, kitu cha kwanza anachojitetea nacho ni hicho: "Mimi sijawahi kumpendelea mtoto."

Huenda anasema kweli. Upendeleo huonekana kwenye kinachogawiwa. Waislamu wanaijua hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi na kwenda kwa Mtume ili awe shahidi. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa kama hiyo. Aliposema hapana, Mtume hakukubali kuishuhudia. Pale kuna zawadi, na mtu anaweza kuhesabu nani kapata na nani kakosa. Kulinganisha hakuhesabiki hivyo. Mama anaweza kugawa vipande vya nyama sawasawa, akanunua sare za kitambaa kimoja, akalipa ada za wote kwa taabu ileile, na bado mmoja wao akakua akijiona nakala mbaya ya mwenzake.

Barua ninayoitumia hapa ni ya mfano. Aliyeiandika ni mtoto wa pili kati ya watatu, ana miaka thelathini na kitu, anaishi mbali na nyumbani. Inaanza hivi:

"Mama, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikishasema hatujambo, maneno yananiishia. Sikuandikii kukushtaki. Mwaka 2007 matokeo ya darasa la saba yalipotoka nilikimbia mpaka nyumbani kukuambia nimechaguliwa. Ulikuwa uani unapepeta mchele. Ukasema, 'Hongera, ila dada yako alikwenda Msalato.' Ukaendelea kupepeta. Hukunigombeza, na pengine hukumbuki. Mimi nakumbuka hata ungo ulikuwa upi."

Kwa asiyejua, Msalato iliyoko Dodoma ni sekondari ya wasichana, mojawapo ya shule za serikali zinazochukua wanafunzi wenye alama za juu kabisa. Binti huyu alichaguliwa shule ya kata. Alikuwa amefaulu, na jirani yeyote angempigia vigelegele. Lakini tazama ilivyokaa ile sentensi ya mama. Pongezi imo, nayo ni ya kweli, kisha linakuja neno "ila", na baada ya "ila" anayezungumziwa si yeye tena. Hapo ndipo kulinganisha kunapokaa. Tusi halimo na kofi halimo, kwa hiyo mtoto hana hata cha kumlalamikia baba. Habari yake njema imebaki mkononi mwake kwa sekunde mbili, ikachukuliwa na kupelekwa kwa mwingine.

Mama akiulizwa leo atasema alikuwa anamtia wivu wa maendeleo. Ndivyo tunavyouita, nao upo kweli: ukiona mwenzako wa rika kafungua duka, nawe unajikakamua. Wivu huo hufanya kazi pale unaposhindania kitu ambacho wote wawili mnaweza kukipata. Mtoto aliyesimama uani hakuwa akishindania Msalato, maana uchaguzi ulishapita. Alikuwa akiutafuta uso wa mama yake. Isitoshe, hakuhitaji kuambiwa. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima wenyewe bila kuamrishwa, na hujipima zaidi kwa wale wanaokaribiana nao. Hakuna aliye karibu kuliko dada mnayelala kitanda kimoja. Mtoto alikuwa ameshajipima njiani kabla hajafika nyumbani. Mama alipoongeza neno lake, kipimo cha mtoto kikageuka hukumu.

Barua inaendelea:

"Kidato cha tatu niliacha fizikia na kemia. Nilikuambia ni ngumu. Haikuwa kweli, kemia nilikuwa napata B. Niliacha kwa sababu sayansi ilikuwa ya dada, na nilijua nikipata B utaniambia yeye alipata A. Kwenye historia hapakuwa na mtu wa kunitangulia."

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Mtoto anayelinganishwa si lazima azembee au akasirike. Mara nyingi huhama tu. Huliachia eneo lile lililokwisha kupata mwenyewe, akatafuta kona ambayo hapimwi. Kwa nje anaonekana kachagua: huyu wa vitabu, huyu wa jikoni, yule wa mpira. Familia inasema, "Vidole havilingani," na kila mtu anaridhika. Lakini ukichunguza utakuta kidole kimoja kilijikunja chenyewe.

Utafiti wa Alexander Jensen na Susan McHale, uliochapishwa mwaka 2015 huko Marekani, uliwaangalia vijana wawili wawili wa nyumba moja. Wazazi wengi walimtaja wa kwanza kuzaliwa kuwa ndiye mwenye akili zaidi, ilhali alama za watoto hao kwa wastani zilikaribiana. Baada ya muda, yule aliyeaminiwa ndiye alama zake zilizosonga mbele. Sisemi kwamba kila nyumba iko hivyo, na Marekani si Singida. Ila kifungua mimba kwetu ana la ziada: akizaliwa Rehema, mama anakuwa Mama Rehema kwa majirani, kanisani au msikitini, dukani, kwenye vikoba. Wa pili anakua akisikia mama yake akiitwa kwa jina la mwenzake. Desturi hiyo haina ubaya wowote, na wala binti huyu hailalamikii. Lakini neno la mama kuhusu dada huanguka juu ya ardhi ambayo tayari imelimwa.

Kipande cha tatu ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote:

"Krismasi iliyopita nilimweleza dada habari ya ungo. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Akaniambia yeye alikuwa akiambiwa, 'Mdogo wako anajua kupokea wageni, wewe unajua vitabu tu, nani atakuoa?' Mama, sikuwahi kuyasikia hayo. Miaka yote nilidhani yeye ndiye aliyeshinda."

Dalili hii ndiyo inayotenga kulinganisha na upendeleo kwa uhakika zaidi. Penye upendeleo, mmoja hunufaika. Penye kulinganisha, fimbo ni moja na kila mtoto hupigwa nayo kwa zamu, ila huchapwa vyumba tofauti. Ndugu wanaweza kuchukiana miaka ishirini, kila mmoja akidhani mwenzake alikaa upande wa mama. Ndiyo maana ni vizuri mtu aongee na ndugu zake kabla hajaandika, kwa nia ya kujua, si kukusanya mashahidi. Barua inayosema "hata dada na kaka wanasema hivyo" imekwisha kuwa kikao cha ukoo, na mama ataisoma kama mtuhumiwa.

Kuna hofu nyingine ambayo mgeni wa utamaduni wetu hataiona, nayo ni radhi. Mtoto anaweza kuwa na digrii na watoto wake mwenyewe, lakini akifikiria kumwambia mama "uliniumiza", anajiuliza kama hajajitafutia kukosa radhi. Wengine humeza dukuduku mpaka mama anazikwa. Barua hii inapita pale pembamba kwa njia mbili. Kwanza inashikamana na tukio: mwaka, ungo, maneno yenyewe yaliyotamkwa. Haisemi "wewe siku zote" wala "hujawahi kunipenda". Ukimwambia mama hujawahi, atakumbuka usiku mmoja aliokubeba mgongoni kwenda zahanati una homa, naye atakuwa na haki ya kukuita mwongo. Tukio moja halibishaniwi hivyo. Anaweza kusema hakumbuki, na binti ameshamwachia nafasi ya kutokumbuka. Pili, inaeleza kwa nini imeandikwa sasa:

"Mjukuu wako alipokuja likizo, ulimwambia, 'Mwenzako anakula mwenyewe, wewe una nini?' Ana miaka minne. Aliweka kijiko chini akaniangalia mimi. Naomba kitu kimoja tu. Akikuletea jambo lake, kaa naye kwenye hilo jambo lake, usimlete mwenzake. Na mimi nikikupigia na habari njema, nifanyie hivyo hivyo. Radhi zako nazihitaji, mama, na sitaziacha."

Ombi ni moja, dogo, na mama anaweza kulitimiza jioni ileile. Nimeona barua za namna hii zikiharibika hapa. Mwandishi anaomba mama akiri, aombe msamaha, aseme alikosea kulea. Mama wa Kiswahili mwenye miaka sitini na tano kumwomba mwanawe msamaha kwa maandishi ni jambo linaloweza kutokea, lakini usiijenge barua juu yake. Kuna pia jambo dogo la vitendo: anasomaje? Kama macho yake ni mazito na barua zake husomewa na mjukuu au na dada yuleyule, siri imeshatoka. Afadhali safari ya kwenda kumwona, mkae wawili. Na isiwe ujumbe wa simu, maana huo husambazwa kwenye kundi la familia kabla haujasomwa hadi mwisho.

Majibu ya kawaida yanajulikana. Lipo la "yaliyopita si ndwele". Lipo la kupiga simu na kuzungumzia mvua na bei ya mahindi kana kwamba hakuna kilichofika. Hilo la pili si lazima liwe kukataa. Sikiliza simu zinazofuata kama ile "ila" bado ipo. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na watu wakazizoea orodha kutokuwepo. Mama naye anaweza kuacha bila kutangaza kwamba ameacha.

Katika mfano wetu, mama alikaa kimya wiki tatu. Kisha akapiga, akasalimia, akauliza mtoto anakulaje siku hizi. Kabla ya kukata simu akasema barua ameipata. "Mimi mwenyewe," akasema, "nililinganishwa na mama yako mdogo mpaka siku naolewa. Bibi yako alisema yeye ndiye angenipita kwa mahari." Akacheka kidogo, akasema salio linaisha.