RESET ya Ramsey haitafuti variabo uliyosahau

Nimesoma tena ripoti imeandikwa "ovtest imepita, kwa hiyo hakuna variabo iliyoachwa", na hii sentensi naiona kila msimu wa tasnifu, jamani sio kweli.

Hiyo ovtest ni amri ya Stata inayofanya jaribio la RESET, ambalo alilitoa James Ramsey mwaka 1969. Unakadiria regresheni yako, unachukua makadirio yake ya Y, unayapandisha kipeo cha pili, cha tatu (Stata inafika cha nne), unayarudisha kwenye modeli kisha unapima kwa F kama koefishenti zake zote ni sifuri. Zikiwa sio sifuri basi kuna mpindo ambao mstari wako ulionyooka haujaukamata. Ni hivyo tu.

Shida inaanzia Stata, maana ukiandika estat ovtest inakuletea nadharia tete inayosema modeli haina variabo zilizoachwa, na mwanafunzi anaisoma kama ilivyo. Lakini hivyo vipeo vimetengenezwa kwa variabo ulizonazo tayari, hamna taarifa mpya iliyoingia hapo, sasa kitu ambacho hakimo kwenye data yako kitaonekanaje?

Chukua logi ya mshahara, umeweka miaka ya elimu na miaka ya uzoefu basi. Mshahara hupanda haraka mtu akiwa mgeni kazini halafu kasi inapungua, kwa hiyo hapo RESET ina nafasi nzuri ya kufeli, na dawa iko humohumo:

```
regress lmshahara elimu uzoefu
estat ovtest
gen uzoefu2 = uzoefu^2
regress lmshahara elimu uzoefu uzoefu2
estat ovtest
```

Tuseme sasa imepita. Kipaji cha mtu bado hakimo, na wenye kipaji mara nyingi ndio wanaosoma zaidi. Kama kipaji kinapanda na elimu kwa mstari ulionyooka, koefishenti ya elimu inameza sehemu yote ya kipaji inayoenda na elimu, inavimba, na mabaki hayabaki na mpindo wowote. Koefishenti imepotoka na p-valyu inaweza kuwa 0.60 bila wasiwasi. RESET hupata fununu ya variabo iliyoachwa pale tu uhusiano wake na zile ulizoweka umepinda.

Na ikifeli usikimbilie kuongeza variabo mpya. Haikuambii nani kapinda, inaweza kuwa uzoefu, inaweza kuwa elimu na uzoefu vinazidishana, inaweza kuwa Y yenyewe ilitaka logi. Chora mabaki dhidi ya kila variabo moja moja uone. Angalia pia kama mtawanyiko wa mabaki haulingani, maana F ya kawaida inadhani unalingana na usipolingana inaweza kukataa bure, hapo rudia jaribio kwa makosa sanifu robasti.

Kwenye ripoti ungeandika tu "RESET haikuonyesha dalili ya mpindo uliobaki", na suala la kipaji ulijadili kwenye aya yake.